Barua tatu za kumwombea fundi sanifu usajili: ipi uitie saini?

Kila mwaka kuna fundi anayesimama mlangoni mwa ofisi yangu hapa Industrial Area, Nairobi, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mna diploma, nakala ya kitambulisho, na fomu ya kuomba kusajiliwa kuwa fundi sanifu. Kinachokosekana ni barua ya msimamizi wake, yaani mimi. Tangu Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya mwaka 2016 ianzishe bodi ya kuwasajili wanateknolojia na mafundi sanifu, wasimamizi wengi tumejikuta tukiombwa barua ambayo hakuna aliyetufundisha kuiandika. Kwa hiyo kila mtu huandika anavyojua, na ninavyoona mimi, zinazoandikwa ni za aina tatu.

Nitaziweka bega kwa bega. Zote zinamhusu fundi mmoja, binti aliyefanya kazi chini yangu, na zote zinaieleza kazi ileile, ili uone kinachobadilika ni nini. Barua zenyewe ofisini huandikwa Kiingereza mara nyingi, kwa hiyo hapa natoa yaliyomo kwa Kiswahili. Anayeziandika kwa Kiswahili atakumbana na mitego ileile.

Kazi yenyewe

Kwanza uielewe kazi, maana ubora wa barua utaonekana hapo.

Tulikuwa na wateja wenye karakana za plastiki upande wa Baba Dogo. Mashine ya kusaga plastiki huendeshwa na mota kubwa kidogo, na mota ya namna hiyo ukiiwasha moja kwa moja huvuta umeme mwingi ghafla hadi taa za jirani zikafifia. Ndiyo maana hufungiwa stata ya sta-delta. Mota huanza ikiwa imeunganishwa kwa sta, mkondo wa kuanzia unashuka hadi theluthi moja, kisha baada ya sekunde kadhaa taima inaihamisha kwenye delta ili ifanye kazi kwa nguvu zake zote. Ndani ya paneli mna kontakta tatu, taima, na oveloadi ya kuilinda mota isiungue.

Mota tunayoizungumzia kibao chake kilisema kilowati 22, volti 415, ampea 40. Binti alifunga stata, akapima kihami cha mota kwa mega ya volti 500 kabla ya kuunganisha, akahakikisha kontakta ya sta na ya delta zimefungiana ili zisiingie kwa pamoja, kwa kuwa zikiingia pamoja fezi tatu zinagongana na paneli inalipuka. Yote hayo aliyafanya vizuri. Kisha akaseti oveloadi kwenye ampea 40, kama kibao kilivyosema.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Oveloadi yetu ilikuwa imefungwa kwenye nyaya zinazotoka kontakta kuu kuingia kwenye koili za mota, na mota ikiwa kwenye delta kila koili hupitisha sehemu tu ya mkondo wa laini. Sehemu hiyo ni 0.58. Ampea 40 mara 0.58 ni 23. Oveloadi iliyofungwa mahali pale ikisetiwa 40, mota inaweza kuvuta karibu ampea 69 kwenye laini kabla oveloadi haijaona chochote cha kuikasirisha. Mota itanuka, itatoa moshi, na oveloadi itakuwa bado imetulia.

Niliona kidude cha kuseti kabla hatujawasha. Nilimuuliza waya ile inaenda wapi, akaifuata kwa kidole hadi kwenye mota, akanyamaza kidogo, akarudisha hadi 23 bila mimi kumtajia namba. Tulipowasha na kuipa mashine mzigo, alibana mita kwenye laini ikasoma 34, akabana chini ya oveloadi ikasoma karibu 20. Tangu siku hiyo hakurudia kosa lile.

Sasa tuziangalie barua.

Barua ya kwanza: ya sifa

Hii ndiyo iliyo nyepesi kuandika, na nimeandika nyingi miaka iliyopita. Inasema hivi:

«Ninayo furaha kumpendekeza mwombaji ambaye nimemfahamu kwa zaidi ya miaka miwili. Ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu. Amefanya kazi zote za umeme wa viwandani, zikiwemo ufungaji wa stata, matengenezo ya mota na upimaji, kwa ustadi wa hali ya juu. Naamini anastahili kusajiliwa.»

Hakuna uongo wa waziwazi humo. Binti ni mchapakazi kweli. Lakini mtu anayeisoma upande wa pili hana cha kushika. «Kazi zote za umeme wa viwandani» ni maneno yanayobeba kila kitu, kuanzia kubadilisha soketi hadi kufanya kazi kwenye laini ya volti 11,000. Binti hajawahi kugusa volti 11,000. Mimi mwenyewe sikuwahi kumsimamia mtu kwenye volti hizo. Neno «zote» limeshuhudia jambo ambalo halikutokea, na sahihi iliyo chini yake ni yangu.

Nakumbuka fundi mmoja niliyemwandikia barua kama hii nikiwa bado mgeni katika usimamizi. Nilisema amebobea katika upimaji wa ethi. Ukweli ni kwamba alikuwa akinishikia waya wakati mimi nikisoma mita. Alipoitwa kuhojiwa akaulizwa vile vijiti viwili vya kupimia huchomekwa umbali gani kutoka kwenye kijiti cha ethi, na kwa nini haviwekwi karibu karibu. Hakujua. Hakuwa na kosa lolote. Hakuwahi kuvichomeka mwenyewe. Alirudi kwangu akiwa amenyong'onyea, na nilijua kuwa barua yangu ndiyo iliyompeleka mbele ya swali ambalo hakuwa tayari kwalo. Laiti ningeandika alichofanya, wangemuuliza alichokijua.

Barua ya sifa ina mahali pake. Mwajiri mpya anayetaka kujua kama fundi huja kazini kwa wakati na kama hana mkono mrefu itamtosha kabisa. Kwa usajili haitoshi, kwa sababu msajili hatafuti mtu mwema. Anatafuta kujua mtu huyu akiachwa peke yake na paneli, kipi ataweza kukifanya salama.

Barua ya pili: ya orodha

Hii huandikwa na msimamizi mwenye bidii. Anafungua kadi za kazi, anachota tarehe na namba, na barua inatoka ndefu na yenye kupendeza macho:

«Katika kipindi hiki stata tano za sta-delta zilifungwa kwa mota za kilowati 15 hadi 30. Mota kumi na mbili zilipimwa kihami kwa mega ya volti 500. Paneli tatu za usambazaji zilibadilishwa. Saketi zenye ulinzi wa miliampea 30 zilijaribiwa na matokeo kuandikwa.»

Hapa kuna hatua kubwa mbele. Msomaji anajua ukubwa wa mota, anajua kifaa kilichotumika, anaweza hata kupiga simu na kuuliza kuhusu kazi mahususi. Kama ni kuchagua kati ya hii na ya kwanza, chagua hii bila kufikiri mara mbili.

Lakini soma vitenzi vyake tena. Zilifungwa. Zilipimwa. Zilibadilishwa. Zilijaribiwa. Na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Kila kazi katika orodha ile ilifanywa na timu: mimi, binti, fundi mwingine wa siku nyingi, na wakati mwingine mwanagenzi wa kubeba vifaa. Barua hii ingeweza kumhusu yeyote kati yetu wanne. Kama mwanagenzi naye angetaka usajili, ningebadilisha jina tu juu ya ukurasa na kila sentensi ingebaki kuwa kweli. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia sasa: nikiweza kubadilisha jina na barua isiharibike, basi sijaandika juu ya mtu, nimeandika juu ya karakana.

Kibaya zaidi, barua ya orodha huonekana ya kweli kuliko ya kwanza, kwa hiyo hudanganya vizuri zaidi. Tarehe ni sahihi, namba ni sahihi, na msomaji anajaza mwenyewe pengo la mtendaji: anadhani ni mwombaji. Msimamizi hakusema uongo, lakini ameuacha ujengeke.

Orodha yenyewe usiitupe. Iambatanishe nyuma kama kiambatisho, pamoja na kurasa za daftari la kazi la fundi ulizotia saini. Itakuwa mifupa, halafu barua iwe nyama.

Barua ya tatu: ya ngazi za usimamizi

Barua hii huchukua kazi chache kutoka kwenye orodha na kwa kila moja husema mambo mawili: mwombaji alifanya nini kwa mikono yake, na mimi nilikuwa wapi alipokuwa akifanya. Basi. Tofauti yote iko hapo.

Ngazi ninazotumia ni nne, na huzieleza mwanzoni mwa barua ili msomaji asizikisie. Ya kwanza ni alitazama na kusaidia. Ya pili, alifanya mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Ya tatu, alifanya mwenyewe bila mimi, kisha nikakagua kabla umeme haujawashwa. Ya nne, alifanya, akapima, akawasha na kuandika ripoti, nami nikaisoma ripoti baadaye. Kati ya ya tatu na ya nne kuna ukuta mkubwa. Katika ya tatu kosa lake lingeishia mikononi mwangu kabla ya kumfikia mtu yeyote. Katika ya nne lingemfikia mwenye mashine.

Kipande kinachohusu stata kinasomeka hivi:

«Mwombaji alishiriki kufunga stata tano za sta-delta kwa mota za kilowati 15 hadi 30. Katika ya kwanza alitazama na kusaidia kuvuta nyaya. Ya pili, ya mota ya kilowati 22, aliifunga mwenyewe nikiwepo. Aliseti oveloadi kwa mkondo wote wa kibao, ampea 40, ilhali ilikuwa ndani ya delta; nilimwelekeza kuufuata waya, akatambua kosa na kuirekebisha hadi ampea 23 kabla ya kuwasha, kisha akathibitisha kwa kupima. Tatu zilizofuata alizifunga peke yake nami nikazikagua kabla ya kuwashwa. Katika zote tatu oveloadi ilikuwa imesetiwa sawasawa na kufungiana kwa kontakta kulikuwa kumejaribiwa. Hajafikia ngazi ya nne katika kazi hii. Kazi yoyote ya zaidi ya volti 415 hajaifanya chini yangu.»

Ni maneno mengi kuliko ya kwanza, na hayana sifa hata moja. Hakuna «ustadi», hakuna «hali ya juu». Lakini msomaji sasa anaona ngazi zikipandwa. Anaona kazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anaona kosa na jinsi lilivyosahihishwa. Akimwita binti kumhoji atamuuliza: kwa nini 23? Na hilo ni swali ambalo binti analijua hata usingizini.

Barua ya aina hii haihitaji kazi ishirini. Mimi huchagua tatu au nne zinazoonyesha aina tofauti za kazi, na kwa binti huyu nilichagua stata, ubadilishaji wa paneli moja, na upimaji wa saketi. Kurasa mbili zilitosha. Zilinichukua karibu nusu siku, nusu saa kuandika na saa zilizobaki kutafuta kadi za kazi na kukaa na mwombaji. Hiyo ndiyo gharama yake, na kwa msimamizi mwenye mafundi kumi si gharama ndogo. Anayeweka daftari la kazi na kutia saini kila wiki atatumia muda mfupi zaidi. Anayesubiri hadi siku ya fomu atatumia siku nzima, na bado atakisia baadhi ya mambo.

Je, kosa liingie?

Hapa ndipo wasimamizi wenzangu wengi hunipinga, na binti mwenyewe aliniuliza. Nilimwonyesha rasimu tukiwa karakanani jioni, mashine zimezimwa. Aliisoma mara mbili, kidole kikasimama kwenye ile sentensi.

«Injinia, lazima hiyo ya oveloadi iingie?»

Nilimwambia, «Fundi, nikiitoa, itabidi niseme ya pili uliifunga bila kasoro. Wakinipigia simu wakauliza, nitajibu nini?»

«Lakini wataniona sijui kazi.»

«Soma mstari unaofuata.»

Sikuwa namtuliza tu. Kosa lililosahihishwa kabla ya madhara ndilo ushahidi pekee kwamba usimamizi ulikuwepo. Barua inayosema fundi alianza akijua kila kitu humwambia msomaji kwamba ama msimamizi hakuwa akiangalia, ama haandiki alichokiona. Tena kosa lile lilikuwa la kawaida sana. Mafundi wa miaka kumi hulifanya, kwa sababu kibao kinasema 40 na macho yanaamini kibao. Lililo muhimu ni kwamba halikurudi katika stata zilizofuata, na hilo barua inalisema.

Ila si kila kosa huandikwa hivyo. Tofautisha lililokwisha na linaloendelea. Kama fundi bado anasahau kupima kwamba umeme umekatika kabla ya kuingiza mkono ndani ya paneli, hilo halifai kupakwa rangi kwa sentensi nzuri ndani ya barua. Hapo jibu la haki ni kumwambia ana kwa ana kwamba sitaiandika barua sasa, nimweleze ni kwa nini, na tupange miezi mitatu ya kumtazama katika jambo hilo. Nimewahi kufanya hivyo. Kulikuwa na uchungu, lakini nisingeweza kuweka saini mahali ambapo mtu angekufa. Na kama kasoro ni ya eneo moja tu, kwa mfano hajui mambo ya jenereta na swichi ya kubadilishia umeme, liache eneo hilo nje ya barua kwa kulitaja wazi: «Sikumsimamia katika jenereta.» Kunyamaza si sawa na kutaja. Msomaji hawezi kujua ulinyamaza kwa sababu gani.

Miezi

Jambo jingine linalozitenganisha barua hizi ni hesabu ya muda, na hapa hata waaminifu huteleza.

Binti aliajiriwa Machi 2022 na kuondoka Aprili 2024. Hiyo ni miezi 26, na barua ya kwanza iliisema kwa kujaza kifua: zaidi ya miaka miwili. Lakini mimi nilimsimamia moja kwa moja kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023, miezi 17. Miezi tisa iliyobaki alihamishiwa timu ya mwenzangu. Na katika ile 17, mitatu alikuwa stoo akipokea na kuhesabu vifaa kwa kuwa kazi zilikuwa zimepungua. Kazi ya umeme niliyoishuhudia kwa hiyo ni ya miezi 14.

Barua ya tatu inaandika zote: 26 ya ajira, 17 chini yangu, 14 ya kazi ya umeme, na kwamba ile miezi tisa mingine ataishuhudia yule msimamizi wa pili kwa barua yake. Kama muda wangu pekee haufikii unaotakiwa, dawa ni barua mbili za watu wawili, kila mmoja akisema chake. Usimbebe mwenzako. Na usiiite miezi ya stoo miezi ya umeme, hata kama alikuwa akihesabu breka.

Hili lina mguu wa kisheria pia. Kifungu cha 320 cha Kanuni za Adhabu za Kenya kinamhusu anayejipatia usajili, leseni au cheti kwa udanganyifu, na hakikuishia kwa mwombaji. Kinamtaja pia anayempatia mtu mwingine. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja. Sijalitaja ili kumtia mtu hofu. Nimelitaja kwa sababu wasimamizi wengi hudhani barua ya kusaidia ni jambo la moyo mwema tu, na anayebeba mzigo ni mwombaji peke yake.

Nani aishike kalamu

Nairobi kuna desturi ambayo kila mmoja wetu anaijua. Msimamizi ana haraka, anamwambia fundi, «Jiandikie, nitasaini.» Fundi anaenda saiba, anachukua barua ya rafiki yake, anabadilisha jina, na jioni sahihi imewekwa. Ndivyo barua ya kwanza inavyozaana mji mzima, maneno yaleyale, «ustadi wa hali ya juu» uleule.

Sipingi fundi kuchangia. Tena bila yeye kuna mambo nisingeyakumbuka. Mwache alete daftari lake, tarehe, aina za mota, vifaa alivyotumia. Lakini ngazi ya usimamizi haandiki yeye, kwa sababu ni swali kuhusu mahali nilipokuwa mimi. Hilo hawezi kunijibia. Kwa hiyo sisi hugawana: yeye anajaza nguzo ya kazi, mimi najaza nguzo ya ngazi, kisha tunakaa pamoja tuone kama tunakubaliana. Mara nyingi tunakubaliana. Tusipokubaliana, tunafungua kadi ya kazi, na sahihi ya aliyekagua kabla ya kuwasha humaliza mabishano.

Mwishoni mwa barua naweka jina langu, cheo, namba yangu ya usajili, simu inayopokelewa, na sentensi moja kuhusu uhusiano wetu: kwamba nilikuwa msimamizi wake, si ndugu yake, wala hatuna biashara pamoja. Kama ungekuwa ni undugu, ungeandikwa hapohapo.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi ipi uitie saini: kwa kazi mpya, ya kwanza inatosha. Kama una dakika kumi tu na fundi anasafiri kesho, mwandikie ya pili, lakini ubadilishe kila kitenzi kiwe na mtendaji, «alifunga», «alisaidia kupima», na ufute usiyokuwa na hakika nayo. Kwa usajili, andika ya tatu, na kama huna nusu siku wiki hii, mwombe fundi asubiri wiki ijayo.

Binti alirudi asubuhi iliyofuata kuchukua barua. Nilikuwa nimeichapisha na kuigonga muhuri. Aliisoma akiwa amesimama, akafika kwenye kipande cha stata, akaniangalia.

«Injinia, hapa umesema tatu za mwisho ulizikagua mwenyewe.»

«Ndiyo.»

«Ya mwisho kabisa ulikuwa Nakuru siku ile. Aliyekagua ni yule fundi mkubwa.»

Nilifungua droo, nikatoa kadi. Sahihi haikuwa yangu. Niliirarua barua, nikakaa tena kwenye kompyuta, nikaandika: «Mbili zilizofuata alizifunga peke yake nami nikazikagua kabla ya kuwashwa. Ya tano ilikaguliwa na fundi mwingine, sikuishuhudia.»